Methali Ina Alama Ngapi? Jinsi Insha ya Kisa Inavyopimwa

Swali ambalo watahiniwa wa kidato cha nne huniuliza kuliko yote kuhusu Karatasi ya Kwanza ni hili: "Mwalimu, methali moja ina alama ngapi?" Jibu ni fupi. Methali peke yake haina alama hata moja. Tashbihi haina, takriri haina, wala jua kuchomoza mashariki huku ndege wakitumbuiza halina. Mwongozo wa kusahihisha insha hauna safu ya kuhesabu mapambo. Hata hivyo, kila mwaka wanafunzi huingia katika chumba cha mtihani wakiwa wamekariri aya nzima za mapambo, wakidhani wamebeba alama mkobani.

Maoni yangu ni kwamba kisa ndicho kinachokuweka katika kiwango, na lugha ndiyo inayokupandisha au kukushusha ndani ya kiwango hicho. Mwanafunzi anayeelewa jambo hili hujiandaa tofauti na yule anayehesabu methali. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, kisha tutasahihisha pamoja insha mbili ili ujionee.

Mtahini anafanya nini na insha yako

Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili katika KCSE, yaani 102/1, ina alama 40. Unaandika insha mbili, kila moja alama 20, kwa muda wa saa moja na dakika 45. Insha ya kwanza ni ya lazima. Ya pili unaichagua kati ya tatu zilizobaki, na hapo ndipo visa hupatikana: insha ya methali, na ile ya kuanza au kumalizia kwa maneno uliyopewa.

Insha yako haigawanywi vipande ikapewa, tuseme, alama tano za mwanzo na alama tano za mwisho. Mtahini huisoma yote, kisha huamua ni ya kiwango gani kati ya vinne. Kiwango D ni alama 01 hadi 05, C ni 06 hadi 10, B ni 11 hadi 15, na A ni 16 hadi 20. Akishaamua kiwango, hujiuliza kama insha iko chini, katikati au juu ya kiwango hicho. Katika B, kwa mfano, B ya chini ni 11 au 12, B wastani ni 13, na B ya juu ni 14 au 15. Mwishoni huandika maelezo mafupi ya kuhalalisha tuzo aliyotoa.

Sasa tazama kinachotofautisha viwango hivyo. Insha ya D mawazo yake hayashikamani, au mtahiniwa amejitungia swali lake na kulijibu. Insha ya C inajaribu kuwasilisha jambo lakini mawazo hayajapevuka, au lugha inamkwaza msomaji mara kwa mara. Insha ya B inaeleweka bila taabu: mtahiniwa anaimudu lugha na mada anaishughulikia ipasavyo. Insha ya A ina mawazo yanayotiririka, ubunifu, msamiati teule na makosa machache sana. Ona kwamba swali la kwanza katika kila kiwango ni kama mawazo yamejibu swali na kama yanafuatana. Uteuzi wa maneno huja baadaye.

Urefu nao una neno lake. Insha ya maneno 375 na zaidi huhesabiwa kuwa kamili. Ya maneno 275 hadi 374 ni robo tatu, ya 175 hadi 274 ni nusu, na iliyo chini ya hapo ni robo. Mtahini hahesabu neno moja moja. Huangalia wastani wa maneno katika mstari mmoja wa hati yako. Ukiandika maneno 9 kwa mstari, ukurasa mmoja na nusu unatosha. Ukiandika 7, unahitaji kurasa mbili. Pima hati yako leo, kabla ya siku ya mtihani, ili usipoteze dakika ukihesabu maneno.

Insha mbili kwa kimalizio kimoja

Chukua swali hili la mazoezi: Andika kisa kitakachomalizika kwa maneno haya: "…nikaurudisha ufunguo mahali pake, lakini nilijua kwamba yaliyotokea hayarudishiki."

Kabla ya kuandika, kichambue kimalizio chenyewe. Kina madai matatu. Kuna ufunguo uliotolewa mahali pake. Aliyeutoa ni msimulizi mwenyewe, kwa maana anasema "nikaurudisha". Na kati ya kuutoa na kuurudisha, kuna jambo lililotokea ambalo haliwezi kutenguliwa. Hayo matatu ndiyo swali. Kisa kisichokuwa nayo hakijajibu, hata kama sentensi ya mwisho imenakiliwa bila kosa.

Insha ya kwanza inaanza hivi: "Ilikuwa siku ya Jumamosi. Jua lilikuwa limechomoza kutoka mashariki kama ilivyo ada yake, nao ndege walitumbuiza kwa nyimbo tamutamu. Nilirauka mapema kwani mtaka cha mvunguni sharti ainame." Aya ya kwanza yote ni asubuhi. Ya pili ni kuoga, kuvaa na kunywa chai. Ya tatu ni safari ya kwenda ufuoni Diani pamoja na marafiki, ambako msimulizi anakutana na "ajuza wa miaka thelathini aliyeuza maji ya madafu". Ya nne ni kuogelea. Katika aya ya tano rafiki mmoja anazidiwa na mawimbi, anaokolewa, na wote wanarudi nyumbani wakiwa salama. Kisha ghafla: "…nikaurudisha ufunguo mahali pake, lakini nilijua kwamba yaliyotokea hayarudishiki."

Ufunguo gani? Tumesoma zaidi ya kurasa mbili bila kuuona. Na ni nini kisichorudishika, ilhali rafiki aliokolewa? Kimalizio kimegundishwa mwishoni kama stempu juu ya barua ya mtu mwingine. Lugha haina makosa mengi ya sarufi. Methali iko, lakini haikusaidia: kurauka mapema kwenda kuogelea si kutafuta cha mvunguni, wala hakuna aliyeinama. Halafu kuna neno ajuza. Ajuza ni mwanamke mkongwe, na mwanamke wa miaka 30 hajafika huko. Mwandishi alilipenda neno hilo akalitumia mara nne. Jua hili: kosa la sarufi au la tahajia huonyeshwa linapotokea mara ya kwanza tu, lakini kosa la msamiati huonyeshwa kila mara neno hilo linapotumiwa. Neno moja la mapambo lililowekwa pasipo mahali pake limemletea mtahiniwa huyu alama nne za makosa.

Insha ya pili inaanza hivi: "Ufunguo wa duka la mama hutundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Usiku ule nliutoa bila kuwasha taa." Mama anauza leso sokoni Ukunda. Msimulizi anataka viatu vya kuchezea mpira, kwa sababu timu yake inakwenda kucheza Msambweni na yeye peke yake hana. Anafungua duka, anatoa shilingi elfu mbili katika kibweta, anafunga. Asubuhi mama anahesabu pesa, anahesabu tena, kisha anamgeukia msichana anayemsaidia kuuza. Msichana analia na kuapa. Msimulizi amesimama mlangoni na mfuko wa viatu begani, na hasemi kitu. Jioni hiyo msichana anafukuzwa. Siku tatu baadaye msimulizi anaviuza viatu, anaongezea akiba yake, anaingia dukani usiku na kuzirudisha zile elfu mbili. Lakini msichana alikuwa "ashaondoka" kurudi kwao Lungalunga, na jina lake limeshasemwa vibaya soko zima. Ndipo ufunguo unarudi kwenye msumari.

Insha hii ina makosa. Kuna "nliutoa" badala ya "niliutoa". Kuna "pesa yenye nilichukua" badala ya "pesa nilizochukua". Kuna "venye alilia" badala ya "jinsi alivyolia". Haina methali hata moja. Msamiati wake ni wa kawaida. Lakini ufunguo umeonekana tangu sentensi ya kwanza, kila tukio limezaliwa na lililotangulia, na msomaji anapofika mwisho anajua hasa kisichorudishika: pesa zimerudi, heshima ya yule msichana haikurudi.

Insha ya kwanza ningeituza C ya juu, 09. Ya pili ningeituza B ya juu, 14. Mwanafunzi wa insha ya kwanza akiona tuzo hiyo atalalamika kwamba mwenzake amekosea sarufi kuliko yeye, naye atakuwa anasema kweli. Lakini makosa ya mwenzake yalimshusha ndani ya kiwango B. Kasoro ya kwake yeye ilimzuia kukifikia kiwango hicho.

Mizani ya kufanyia mazoezi

Najua ni vigumu kujisahihisha kwa viwango vinne pekee, maana inahitaji jicho lililosoma insha nyingi. Kwa hiyo darasani natumia mizani yenye alama zilizogawanywa. Elewa vizuri kwamba mgawanyo huu ni wa mwalimu, wa mazoezi tu, na si wa Baraza la Mitihani. Kazi yake ni kukuonyesha alama zako zinavujia wapi.

Kujibu swali na maudhui: alama 8. Je, kila dai la mdokezo au la methali limeonekana ndani ya matukio? Je, kuna jambo la maana linalopatikana au kupotea?
Mpangilio wa kisa: alama 5. Je, tukio moja linasababisha linalofuata? Je, kuna mahali mambo yanapogeuka?
Msamiati na mtindo: alama 4. Je, neno liko mahali pake? Je, tamathali inaonyesha kitu, au inajaza mstari?
Sarufi na tahajia: alama 3. Upatanisho wa kisarufi, nyakati, virejeshi, uakifishaji.

Juu ya hayo kuna sharti moja: ukipata chini ya 4 katika kujibu swali, jumla yako haiwezi kuzidi 10, hata lugha yako ingekuwa ya kupendeza namna gani. Sharti hili linaiga kile kinachotokea katika viwango. Bila sharti hilo, mgawanyo wa alama ungekudanganya, kwa kuwa ungefikiri kwamba mapambo yanaweza kulipia kisa ambacho hakipo.

Ipime insha ya kwanza kwa mizani hii. Kujibu swali 2, maana maneno ya mwisho yapo lakini kisa chao hakipo. Mpangilio 2, kwa kuwa mambo yanafuatana kwa saa tu: niliamka, nikaoga, nikaenda. Msamiati na mtindo 2. Sarufi 3. Jumla ni 9.

Sasa ya pili. Kujibu swali 7. Mpangilio 4, ningempa 5 kama kurudishwa kwa pesa kusingefanywa kwa sentensi mbili za haraka. Msamiati na mtindo 2. Sarufi 1. Jumla ni 14. Ona mahali alama zake zilipovujia. Akirekebisha virejeshi na viambishi vyake apate 3 za sarufi, na akiteua maneno vizuri zaidi apate 3 za msamiati, anafika 17. Huyo sasa yuko katika A, na hakugusa kisa chake. Mwenzake akiongeza methali kumi, sharti litambakiza palepale 10.

Wapo walimu wanaosema kwamba mwanafunzi dhaifu hawezi kubuni kisa, kwa hiyo ni afadhali akariri aya za kuanzia ili apate pa kushika. Naielewa hoja hiyo. Lakini angalia aya iliyokaririwa inachomfanyia. Inameza theluthi ya urefu wa insha yake kabla hajaligusa swali, na inamwonyesha mtahini kwamba lugha ya aya ya kwanza si ya mtu yuleyule aliyeandika aya ya tatu. Mwanafunzi dhaifu ndiye anayehitaji zaidi kisa kifupi chenye kitu kimoja, kosa moja na matokeo yake. Kitu hicho kinaweza kuwa ufunguo, simu, barua au ndoo ya samaki. Hicho anakiweza.

Sisi wa Pwani na sarufi yetu

Hapa nawasemesha hasa wanafunzi wa Kwale, kuanzia Matuga hadi Vanga. Wengi wenu mmekua mkisikia Kiswahili nyumbani au jirani, na kuna lahaja kamili hapa kwetu, kama Kivumba cha Vanga na Wasini. Kwa hiyo mnaingia katika mtihani mkiamini kwamba sarufi ni ya watu wa bara kuhangaika nayo. Imani hiyo inawagharimu.

Mtihani unapima Kiswahili sanifu. "Nlikuwa" na "ntarudi" ni matamshi halali mdomoni, lakini kwenye karatasi ni "nilikuwa" na "nitarudi". "Yuwaja" ya Mombasa ni "anakuja". "Siku izo" imeacha h. Andika "siku hizo". "Alikuwa ashaondoka" iandike "alikuwa ameshaondoka". Haya si makosa ya mtu asiyejua lugha. Ni ya mtu anayeandika kwa sikio. Ndiyo maana ukiisoma insha yako kwa sauti hutayasikia: sikio lako limeyazoea. Yatafute kwa jicho. Pitia insha mara ya mwisho ukiangalia mianzo ya vitenzi tu, sentensi baada ya sentensi.

"Yenye" na "venye" ni ugonjwa mwingine, na huu ni wa Kenya nzima. Kila unapokutana na "yenye", "chenye" au "wenye" katika insha yako, jiulize kama inafuatwa na nomino au kitenzi. Ikifuatwa na nomino, kama "duka lenye leso", ni sawa. Ikifuatwa na kitenzi, kama "duka lenye alifungua", ni kosa. Andika "duka alilofungua". Kanuni hiyo moja ingemwongezea alama mwandishi wa insha ya pili. Ukitaka mhusika wako azungumze kama watu wa kwenu, yaweke maneno yake katika alama za usemi na uyatumie kwa uchache. Usimulizi wako ubaki sanifu.

Dakika 50 zako

Una takriban dakika 50 kwa kila insha. Tumia tano za kwanza bila kuandika insha. Andika madai ya swali kwa orodha fupi, kama tulivyofanya na ufunguo. Kisha andika sentensi moja ya mgeuko: mama anamgeukia msichana, nami nanyamaza. Ukishindwa kuiandika sentensi hiyo, bado huna kisa. Badilisha wazo kabla hujapoteza karatasi. Dakika 35 ni za kuandika. Tano za baadaye ni za vitenzi na virejeshi, na tano za mwisho ni za kuhakikisha kwamba kimalizio kimenakiliwa kama kilivyo, bila kuongeza neno baada yake.

Mwongozo huu ulio nao mkononi ni wa vitabu teule, na vitabu hivyo vinaweza kukufunza jambo hili kuliko orodha ya methali. Usiibe aya za Nguu za Jadi ukazipeleka katika insha. Karatasi ya Tatu ndiyo inayouliza mwandishi alifanya nini. Badala yake chukua hadithi fupi yoyote uliyoisoma katika Mapambazuko ya Machweo, utafute sentensi ambayo mambo yanageuka, uipigie mstari. Hesabu ni sentensi ngapi zimetumika kabla ya hapo kueleza jua, ndege na chai. Kisha fungua insha yako ya mwisho, uipigie mstari sentensi yako ya mgeuko. Kama huioni, mtahini naye hataiona.